Jua Lililotoka Nje ya Mstari

Katoni ililetwa usiku wa Alhamisi, mvua ikinyesha. Zuhura hakuwapo. Alipofika dukani asubuhi ya Ijumaa aliikuta juu ya meza, utepe wake wa gundi umekwisha kukatwa, na shangazi yake, Bi. Mwajuma, amekaa nyuma ya kaunta akihesabu noti kwa uso wa furaha.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uone riziki. Mseto ya watoto, pakiti thelathini. Zahanati zote za huku zimeishiwa, nasi Mola ametuletea.”

Duka lao lilikuwa upande wa chini wa Karema, kwenye njia inayoshuka kutoka boma la zamani lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kuelekea mwaloni. Kibao chake kilisomeka Duka la Dawa Muhimu. Bi. Mwajuma ndiye mwenye leseni, na Zuhura ndiye mtoa dawa. Shangazi huyo alikuwa amemlipia Zuhura mafunzo ya utoaji dawa kwa fedha ya dagaa, misimu miwili mfululizo, na jambo hilo Zuhura hakulisahau hata siku moja.

Alinawa mikono, akafungua daftari la mapokezi, akaanza kazi yake ya kila mzigo unapoingia: kusoma jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, kisha kuhesabu. Pakiti zilikuwa ishirini na nane.

“Mbili ziko wapi?”

“Nimeziuza usiku. Watu waligonga mlango, watoto wao wanachemka. Ningewaambia nini?”

Zuhura aliandika 28, akainua katoni ili asome maandishi ya ubavuni. Hapo ndipo jicho lake liliponasa.

Kwenye mzigo wa dawa hiyo kulikuwa na picha za kumsaidia mama asiyejua kusoma: jua kwa kidonge cha asubuhi na mwezi kwa kidonge cha jioni. Jua lilichorwa kwa duara jeusi lililojazwa rangi ya manjano. Katika katoni hii rangi ya manjano haikukaa ndani ya duara. Ilikuwa imesogea kulia kidogo mno, upana wa uzi wa kushonea, kiasi kwamba kushoto palibaki ukingo mweupe na kulia rangi ilimwagika nje ya mstari. Mtu angeitazama mara kumi asiuone.

Aliweka katoni chini. Alijua kuwa kasoro ya namna hiyo peke yake si ushahidi. Rangi huchapwa moja baada ya nyingine, kila moja kwa bamba lake, na bamba moja likiteleza hata kwenye kiwanda cha heshima rangi hutoka mahali pake. Alikuwa amewahi kuona masanduku halali yenye wino uliokwenda pembeni. Lakini mwalimu wao wa mafunzo aliwaambia kwamba kasoro ndogo haiwaambii dawa ni mbaya, inawaambia watazame tena.

Akatazama tena. Kabatini kulikuwa na pakiti nne za mzigo wa zamani, wa kiwanda kilekile, walizonunua Mpanda kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali na kupewa risiti. Alichukua moja, akaiweka kando ya moja ya mpya, kwenye mwanga wa mlangoni. Maneno yalikuwa yaleyale. Hapakuwa na herufi iliyokosewa. Nembo ilikuwa ileile.

Kisha akatazama namba ya toleo.

Kwenye pakiti za zamani namba ile haikuwa sehemu ya picha. Kiwanda huchapisha maboksi kwa maelfu, matupu, na namba ya toleo pamoja na tarehe hugongwa baadaye, siku dawa inapofungashwa, kwa mashine nyingine. Kwa hiyo wino wake ni tofauti, na namba haikai mahali pamoja hasa. Zuhura alizipanga zile pakiti nne: moja namba iko juu kidogo, nyingine imeinama, ya tatu imekaribia ukingo. Alipopitisha ukucha alihisi mikwaruzo ya muhuri.

Alizipanga pakiti mpya kumi. Namba ya kila moja ilikaa pale pale, kama nyayo za mtu mmoja kwenye matope. Ukucha ulipita laini. Wino wa namba ulikuwa uleule wa maandishi mengine, tena palipokuwa na jua lililoteleza, namba nayo ilikuwa imeteleza kwa kiasi kilekile. Maana yake aliyechapa boksi hili alichapa namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kwa pigo moja, kabla ya kuwapo dawa yoyote ya kutiwa ndani.

Moyo ukamwenda mbio.

“Shangazi, mzigo huu umeununua kwa nani?”

“Kwa kijana mmoja, anapita na gari. Amewauzia wengi huko njiani.”

“Alikupa risiti?”

Bi. Mwajuma alinyamaza kidogo. “Bei yake ilikuwa nzuri, Zuhura. Risiti angeniletea safari ijayo.”

Zuhura alimweleza alichokiona. Shangazi alivaa miwani, akatazama jua, akatazama namba, akavua miwani.

“Ndio hicho? Rangi? Mwanangu, mimi nimetoa akiba yangu yote. Kama ni mbovu tumrudishie mwenyewe akija, atupe fedha yetu, yaishe.”

“Tukimrudishia, kesho atampelekea mwenzetu mwingine, na sisi tutakuwa hatuna cha kuonesha. Na tukizitupa ziwani au tukizichoma, itakuwa vivyo hivyo.”

“Na ukipiga simu wilayani watakuja kulifunga duka. Watauliza nimenunua wapi. Mwenye kufungwa nitakuwa mimi, si yule kijana.”

Zuhura hakuwa na jibu la haraka. Ilikuwa kweli kwamba kununua dawa kwa mtu asiye na kibali ni kosa, na shangazi yake alilijua. Alimtazama mwanamke huyo aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akasema kwa sauti ya chini:

“Shangazi, unaikumbuka habari ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, akakuta chini kumelowa? Muuzaji alisema ni mvua. Hakuulizwa nani aliyelilowesha. Aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu, watu wauone.”

Bi. Mwajuma alikunja zile noti, akazitia ndani ya kanga. Baada ya muda akasema, “Piga.”

Mfamasia wa wilaya aliipokea simu mara ya tatu. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akatoa maagizo, naye Zuhura akayaandika. Asiuze hata pakiti moja. Azirudishe zote ndani ya katoni yake, aifunge, aiandike “Zimezuiliwa, zisiuzwe”, aiweke kabatini mbali na dawa nyingine na kufuli juu yake. Asiitupe katoni wala karatasi ya maelezo, kwa kuwa boksi nalo ni ushahidi. Apige picha za katoni, pakiti na namba ya toleo, mpya na ya zamani zikiwa pamoja. Ajaze fomu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya kuripoti dawa yenye mashaka ya ubora. Yeye angefika kesho, barabara ikiruhusu. Kutoka Mpanda ni zaidi ya kilomita 100, na mvua ilikuwa imeikata sehemu mbili.

“Namba ya toleo nimeiandika, daktari. Huwezi kuuliza kiwandani kama ni ya kweli?”

“Nitauliza kupitia Mamlaka. Lakini usiitegemee sana. Mwizi hunakili namba ya kweli. Sasa niambie jambo lililo kubwa zaidi: zimeuzwa ngapi?”

“Mbili.”

“Kwa nani?”

Zuhura alifungua rejista ya mauzo. Ukurasa wa usiku ule ulikuwa mtupu.

Mmoja shangazi alimkumbuka bila taabu, Mama Rashidi wa nyumba ya tatu. Zuhura alikwenda huku mvua ikimpiga, mkononi ana pakiti moja ya zamani. Alimkuta mtoto wa miaka miwili amekaa mkekani anakula uji.

“Alhamdulillahi,” mama alisema. “Dawa yenu nzuri. Vidonge viwili tu, cha usiku na cha alfajiri, na mwili umepoa.”

Zuhura alisimama mlangoni. Kwa muda wa kupepesa jicho alitamani aamini kwamba amekosea, kwamba jua ni wino tu, na aende zake. Lakini alimgusa mtoto, akatazama viganja vyake na ndani ya kope, vyote vyeupe. Homa imeshuka, ndiyo. Aliuliza kama mtoto alipimwa. Alipimwa jana zahanati, kipimo cha haraka kikaonesha malaria, na dawa hapakuwa nayo.

“Dada, naomba unirudishie ile pakiti, nikupe hii.”

“Inayomponya mwanangu? Siitoi.”

Ilimchukua Zuhura nusu saa. Hakusema kwamba dawa ni bandia, kwa kuwa hakuwa na hakika. Alisema kwamba mzigo huo umezuiliwa hadi upimwe, na kwamba mtoto aanze upya dozi nzima kutoka mwanzo kwa pakiti aliyoijua: kidonge kimoja sasa, cha pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, vyote sita. Vile viwili vya jana visihesabiwe. Na leo hii ampeleke mtoto zahanati akaangaliwe damu. Mwishowe mama alikubali, akatoa boksi lililofunguliwa, na Zuhura akalitia ndani ya mfuko.

Wa pili hakuwa na jina. Shangazi alikumbuka mama kijana, mgeni, amembeba mtoto mgongoni, aliyesema anawahi boti ya alfajiri kwenda upande wa Ikola. Zuhura alishuka mwaloni akauliza. Boti ilikuwa imeondoka. Nahodha alipopatikana kwenye simu, adhuhuri ikikaribia, alisema ndiyo, mama huyo alimshusha kwenye kambi moja ya wavuvi kabla ya Ikola, mahali pasipo na mtandao.

Ndipo Zuhura alipokwenda kwa imamu, kabla ya khutba. Imamu alisikia, akashtuka, akasema atatangaza kwamba mseto ni bandia, watu wasiinywe.

“La, shehe wangu, tafadhali usiseme hivyo,” Zuhura alisihi. “Leo wako watoto wengi wanaokunywa mseto iliyo nzima. Ukisema hivyo mama zao watazitupa, na wengine watarudi kwenye mizizi. Sema pakiti za watoto zilizouzwa usiku wa jana katika duka letu, na usome namba hii ya toleo. Wengine wote waendelee na dozi zao hadi mwisho. Na umtafutie mtu wa kwenda kambini.”

Imamu aliandika maneno hayo kwenye karatasi, akayasoma kama yalivyo, baada ya swala. Duka likatajwa kwa jina lake mbele ya safu zote. Bi. Mwajuma, aliyekuwa upande wa wanawake, aliinamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Vijana wawili wenye boti ya injini walijitolea. Zuhura aliwapa pakiti moja ya zamani na barua fupi: kama mtoto anakunywa na kumeza, aanze dozi hii, kama anatapika kila kitu, amelegea, amepata degedege au haamki vizuri, asipewe kidonge, apelekwe mara moja penye sindano. Ziwa lilikuwa limechafuka. Walifika magharibi ikiingia.

Mtoto huyo naye alikuwa amepoa asubuhi. Alasiri homa ilirudi, na walipofika alikuwa amekwisha kupata degedege moja. Wale vijana hawakufungua pakiti. Walimpakia pamoja na mama yake, wakampeleka usiku uleule penye mganga, akachomwa sindano ya malaria kali. Siku mbili zilipita kabla ya kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

Mfamasia wa wilaya alifika Jumamosi jioni, matope hadi magotini. Alivaa miwani ya kukuzia, akatazama jua, akatazama namba za pakiti moja moja, kisha akasema, “Macho yako yako wapi, binti? Mimi ningelipita hili.” Aliandika hati ya kuchukua sampuli, akaitia saini pamoja na mashahidi, akafunga mzigo wote kwa lakiri.

Bi. Mwajuma alimwuliza kwa sauti ya kukata tamaa: mtu atajuaje tena, ikiwa boksi linafanana namna hii?

“Hata wakubwa wameingiliwa, mama,” alisema. “Mwaka 2012 kule Tarime, mkoani Mara, makopo ya dawa bandia za kufubaza virusi vya ukimwi yalikutwa ndani ya hospitali. Sembuse duka la kandokando ya ziwa.”

Kipimo cha kwanza kilifanywa kwa maabara ndogo ya mkobani. Mfamasia alimweleza Zuhura kwa simu, na Zuhura alimwomba arudie ili aelewe. Kidonge kilitiwa kwenye maji ya joto la mwili. Kidonge cha namna hiyo hutakiwa kuvunjika ndani ya nusu saa, na kilivunjika, kwa hiyo hapo hapakuwa na dosari. Kisha kidonge kingine kilisagwa na kuyeyushwa, tone lake likawekwa chini ya bamba jembamba, kando ya tone la dawa halisi ya kulinganishia. Bamba husimamishwa kwenye kimiminika kidogo, nacho hupanda taratibu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kikibeba kila dawa hadi kimo chake. Dawa halisi ilipanda na kuacha madoa yake mawili, kwa kuwa mseto ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Kando yake, palipotakiwa kuwa na madoa kama hayo, bamba lilikuwa safi.

Maabara hiyo ndogo hukamata dawa isiyo na kitu au yenye upungufu mkubwa. Upungufu mdogo huweza kuipita. Kwa hiyo sampuli zilipelekwa maabara ya Mamlaka kwa uthibitisho, na majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa. Dawa ya malaria haikuwamo kabisa. Kilichokuwamo ni unga, rangi ya manjano, na parasetamoli.

Zuhura alikaa kimya muda mrefu baada ya kusikia neno hilo la mwisho. Parasetamoli. Ndiyo maana mwili ulipoa. Aliyetengeneza hakutaka tu kuuza kidonge kitupu, alitaka mama aone homa imeshuka, ashukuru, amalize vidonge sita, na amsifie jirani dawa hiyo, huku vimelea vikiendelea kuzaana ndani ya damu ya mtoto. Kasoro pekee aliyoiacha ilikuwa upana wa uzi.

Na ile namba ya toleo? Kiwanda kilijibu kwamba ni yao kweli. Ila ilikuwa ya pakiti za watu wazima, za vidonge 24, siyo za watoto.

Taarifa ikatoka, na katoni nyingine za aina ile zikakusanywa katika maduka mengine ya njiani. Kijana mwenye gari hakurudi kuleta risiti.

Bi. Mwajuma aliitwa wilayani. Alieleza kila kitu, pamoja na kosa lake la kununua pasipo risiti na kuuza bila kuandika. Alipewa onyo kwa maandishi, na leseni yake ikawekwa chini ya uangalizi. Kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa, duka halikufungwa. Fedha yake haikurudi, na mwaka ule haikuwezekana kuezeka chumba cha nyuma kama alivyokusudia.

Siku aliyotoka wilayani alikaa nyuma ya kaunta bila kuvua baibui. Zuhura alikuwa akipokea mzigo mpya, wa Mpanda, wenye risiti na hati yake. Alisoma jina, nguvu, namba ya toleo, tarehe. Alipomaliza, shangazi aliusogeza mkono wake mezani.

“Nipe miwani yangu,” alisema, “na pakiti moja ya zamani.”

Wakaziweka pamoja kwenye mwanga wa mlangoni, wote wawili wameinama, wakitazama kama jua liko ndani ya mstari wake.